Advansi ya milango sita: kiasi gani, na kwa maneno gani

*Shikamoo mzee. Mimi ni fundi seremala, nina karakana ndogo Tabata, huu mwaka wa tatu. Kuna mama anajenga Goba, mteja mpya, tumekubaliana milango 6 ya mninga pamoja na fremu zake kwa sh 2,700,000. Ukuta umesimama, lipu bado. Ananiambia "anza tu fundi, hela ipo". Mtaji sina, na mwaka jana kuna mteja aliniachia kabati, mpaka leo liko ndani. Nataka kumwomba advansi ila naogopa atahamia kwa fundi mwingine. Niombe kiasi gani, na nimwambieje nisionekane nina njaa?*

Marahaba, mwanangu. Mwombe sh 1,500,000, na mwambie ni ya mbao, mashine na msaidizi wa siku tano za mwanzo. Nitakuonyesha hiyo hesabu nimeitoa wapi, kwa sababu ukibeba jibu bila njia yake, kazi ijayo utakwama palepale.

Mafundi wengi wamezoea kusema "nipe nusu". Ukimuuliza kwa nini nusu, hana jibu zaidi ya kwamba ndivyo ilivyo. Mteja naye anajua huna jibu, ndiyo maana anakuvuta: "Chukua laki tano kwanza, nyingine utapata". Na wewe unachukua, maana huna kitu cha kusimamia. Laki tano haifikishi hata nusu ya mbao, unaingia dukani kukopa zilizobaki, muuzaji anakupa zile ambazo wenye fedha mkononi wamezikataa, mbichi, na baada ya miezi mitatu mlango umepinda na mama anakupigia simu asubuhi ya Jumapili. Tatizo la mlango lilianzia kwenye laki tano.

Kwa hiyo usianze na asilimia. Kaa chini na karatasi, andika kila shilingi itakayotoka kwenye kazi hii, kisha jiulize kila moja inatoka lini. Hukunipa mchanganuo wako, nimeujenga mwenyewe kwa kukisia kazi ya aina hiyo. Bei za mbao hazitulii, kwa hiyo weka zako mahali pa zangu. Nimechukua mbao zote, za fremu na za milango, sh 1,260,000. Kuchana na kuranda mashineni, 100,000. Gundi, msasa na vidogo vidogo vya kuungia, 40,000. Sila, vanishi na thina, 80,000. Vitasa na bawaba za milango sita, 270,000. Kirikuu ya kupeleka Goba, 60,000. Msaidizi siku kumi kwa 20,000, hiyo ni 200,000. Jumla 2,010,000. Kinachobaki ni 690,000, na hiyo ndiyo yako: kodi ya karakana, umeme, vifaa vinavyochakaa, na chakula cha nyumbani.

Sasa angalia lini. Kabla mlango wa kwanza haujasimama kwenye meza yako, lazima uwe umelipa mbao, mashine, gundi na msasa, na msaidizi wa siku tano. Jumlisha: 1,260,000, na 100,000, na 40,000, na 100,000. Ni 1,500,000 kamili. Vitasa havimo, kwa sababu vitanunuliwa wiki ya pili, na dukani unaweza kuvirudisha kama havijafunguliwa. Vanishi haimo. Kirikuu haimo. Faida yako haimo hata senti moja, na hilo ulishike, maana ndilo litakalokupa uso wa kuomba. Huombi kulipwa. Unaomba mbao zake zinunuliwe.

Ukigawanya utaona ni kama asilimia 56 ya bei. Usimtajie hiyo. Kazi nyingine itakupa asilimia 35, nyingine 70. Meza ya mbao ndogo yenye kazi nyingi ya kuchonga haihitaji advansi kubwa, kwa sababu gharama yake kubwa ni mikono yako, na mikono hainunuliwi dukani asubuhi. Kazi ya mninga mtupu, mbao nyingi na ufundi wa kawaida, inapanda. Na kuna jambo ambalo asilimia inakuficha kabisa: punguzo. Tuseme ulianza na milioni tatu, mama akakushusha hadi 2,700,000. Je, muuzaji mbao naye alishusha? Hakushuka. Laki tatu yote imetoka kwenye sehemu yako. Ukishikilia "nusu", advansi imeshuka kutoka 1,500,000 hadi 1,350,000, na mbao zako zimepungukiwa 150,000 kabla hujashika msumeno. Ndiyo maana mteja akiomba kupunguziwa, punguza kwenye malipo ya mwisho, advansi iache ilipo.

Kuna swali la pili la kujiuliza kabla ya kutaja kiasi, nalo ni lile ambalo kabati lako la mwaka jana lilitaka kukufundisha: huyu mteja akipotea kesho, kitu hiki nitamuuzia nani, na kwa bei gani? Mlango wa sentimita 90 kwa 210 una mnunuzi. Utauweka nje ya karakana, mwezi mmoja au miwili, atapita mtu anayejenga. Lakini nenda kapime zile nafasi za milango Goba kwa futi yako mwenyewe, usichukue vipimo vya mdomo. Nyumba nyingi ninazoziona nafasi moja ina 92, ya pili 87, ya choo imebanwa hadi 70 na kitu, kwa sababu fundi ujenzi alikuwa anahesabu matofali, si milango. Mlango wa 87 ukibaki mikononi mwako unakuwa wa kukatwa tena, na ukikata unapoteza mbao na muda. Kama nafasi zake zote ni za kawaida na wewe ungekuwa na mtaji, ningekuruhusu uombe hata milioni moja ukajazia mwenyewe, kwa sababu hatari ni ndogo. Huna mtaji. Basi fedha inayohitajika mwanzoni itoke yote kwake. Na kabati la watu, lililopimwa kwa kona ya chumba chao na rangi waliyochagua wao, hilo ndilo la kuombea advansi kubwa kuliko vyote, kwa sababu halina nyumba nyingine duniani.

Baada ya advansi, igawe iliyobaki mara mbili. Sh 800,000 milango ikishaungwa na kupigwa msasa lakini kabla ya vanishi, aje aione karakanani. Sh 400,000 siku ya kuning'iniza, mlango wa sita ukishafunguka na kufunga mbele yake. Sababu ya kumwita kabla ya vanishi si heshima tu. Mti ulio wazi hauna pa kujificha: ataona kama ni mninga kweli, ataona viungio, ataona kama umeziba ufa kwa vumbi na gundi. Mteja aliyeona mti mtupu akaridhika hana la kukushika mwishoni. Na wewe katika hiyo 800,000 unatoa 510,000 ya vitasa, bawaba, sila na vanishi, kirikuu na siku tano za msaidizi zilizobaki. 290,000 inabaki kwako. Laki nne ya mwisho ni faida tupu. Ndiyo inayokaa mikononi mwake hadi mwisho, na ni haki yake ikae, maana anahitaji kitu cha kukufanya urudi kurekebisha kitasa kinachogoma.

Sasa maneno, ambayo naona ndiyo yanayokunyima usingizi.

Kosa lako halikuwa kuogopa. Kosa ni kwamba ulitaja bei, mkakubaliana, mkaachana, na advansi hukuigusa. Sasa ukiirudisha itaonekana ni sharti jipya. Siku nyingine bei na advansi vitoke kwenye pumzi moja: "Mama, kazi yote ni milioni mbili na laki saba. Naanza na milioni moja na nusu ya mbao na mashine, laki nane milango ikishaungwa uje uione, laki nne siku ya kufunga." Ukishasema hivyo, nyamaza. Hapa ndipo vijana wengi wanapojiharibia. Ananyamaza sekunde tatu anapiga hesabu kichwani, wewe unaona kimya kimekuwa kirefu, unaongeza: "Lakini hata milioni si mbaya." Hakukuomba upunguze. Umepunguza mwenyewe.

Sababu unayompa iwe ya kazi, isiwe ya kwako wala ya kwake. "Nina shida kidogo nyumbani" ni ya kwako. Inamwambia kwamba fedha yake inakwenda kwenye shida yako, na ni kweli anaweza kuwa amewahi kuona hivyo. "Nimeshawahi kudhulumiwa" ni ya kwako pia, na ndani yake kuna tuhuma: umemlinganisha na yule wa kabati, mtu ambaye hata hamjuani. "Wateja wa siku hizi hawaaminiki", hiyo sihitaji kueleza. Sababu ya kazi ni hii: mbao za mninga zinanunuliwa kwa fedha taslimu, na mwenye fedha mkononi ndiye anayechagua zilizokauka. Ni kweli, inaeleweka, na inamhusu yeye kuliko wewe, kwa kuwa mlango uliopinda utakuwa kwake.

Mwandikie pia kwenye Watsapu, maana maneno ya mdomo kwenye saiti hupotea na kelele za zege. Ningeandika hivi:

"Habari za leo mama. Kuhusu milango 6 na fremu zake, bei ni ile tuliyokubaliana, sh 2,700,000, pamoja na vitasa, usafiri na kufunga. Ili nianze nahitaji sh 1,500,000: mbao 1,260,000, mashine 100,000, gundi na msasa 40,000, msaidizi wa siku tano 100,000. Mbao nanunua siku hiyohiyo na nakutumia picha na risiti. Sh 800,000 ni milango ikishaungwa, utakuja kuikagua kabla ya vanishi. Sh 400,000 siku ya kufunga. Nikipata advansi Jumatatu, nakabidhi ndani ya wiki tatu. Bei hii ya mbao ni ya wiki hii, ikipita Jumatatu ijayo itabidi niulizie upya."

Umeona hakuna "samahani" wala "naomba sana". Adabu iko kwenye salamu na kwenye uwazi wa hesabu. Baadhi ya mafundi wananiambia kumwonyesha mteja bei ya mbao ni kumpa silaha, atakwenda kuulizia mwenyewe. Aende. Akikuta ni hiyohiyo umepata mteja wa maisha, na akikuta ya chini, mwambie akununulie huko. Kitu ambacho simchanganulii ni 690,000 yangu. Hiyo ni bei ya ufundi, haina risiti.

Ukweli ni kwamba mama wa Goba naye anaogopa, pengine kuliko wewe. Mjini hapa kila aliyejenga ana hadithi ya fundi aliyekula advansi: leo msiba, kesho mashine imeharibika, keshokutwa simu haipatikani. Anaposema "anza tu, hela ipo", mara nyingi hana nia ya kukudhulumu. Anajikinga na hiyo hadithi. Kwa hiyo usibishane na hofu yake, ipe kitu cha kushika. Chenye nguvu kuliko vyote ni kwenda naye kununua mbao. Chukueni bodaboda au gari lake hadi Keko au Buguruni, achague wewe ukimwonyesha, amlipe muuzaji kwa mkono wake mwenyewe. Hapo wewe unapokea 240,000 tu ya mashine, gundi na msaidizi, na 1,260,000 haikupitia kwako kabisa. Akiwa hana nafasi, nunua siku uliyopokea, andika jina lake kwa chaki kwenye kila ubao, piga picha, tuma na risiti. Dakika tano za kazi, na zinamtuliza mtu kuliko viapo.

Akikataa hata hivyo, akasema 1,500,000 ni nyingi kwa mtu asiyemjua, usipunguze advansi. Punguza kazi. Na kwako bahati iko wazi, kwa sababu umesema lipu bado. Fremu huwekwa kabla ya lipu. Milango huja mwishoni. Na hata kiufundi, mimi sipendi kutengeneza milango yote kabla fremu hazijakaa ukutani, kwa kuwa fremu ikishajengewa hubadilika kidogo, milimita tatu huku, tano kule, na mlango mzuri hupimwa kwenye fremu iliyokwisha kukauka na ukuta wake. Basi mwambie: "Mama, tuanze na fremu sita peke yake." Katika mchanganuo wangu mbao za fremu ni kama 480,000, ongeza mashine 35,000, misumari na gundi 10,000, msaidizi siku mbili 40,000, inakuwa 565,000. Anatoa hiyo, wiki moja fremu ziko Goba, anamalizia sehemu ya ufundi na usafiri wa fremu. Mkishafika kwenye milango hamko wageni tena. Tofauti na kuchukua laki tano kwa kazi nzima ni kubwa, ingawa fedha ni karibu sawa: hapa laki tano na ushei inamaliza kitu kizima, kule inaanzisha kitu ambacho haiwezi kukimaliza.

Na akikataa hata hiyo, akataka fremu na milango yote ifike Goba ndipo atoe shilingi? Muage kwa heshima. Mtu asiyeweza kununua mbao za nyumba yake mwenyewe anataka wewe uwe benki yake, na benki huchukua hati. Isipokuwa shule au ofisi yenye hati ya kuagiza iliyosainiwa na kupigwa muhuri. Hao kawaida hulipa baada ya kupokea, na kazi yao ni ya kuifuata ukiwa na mtaji wa kukaa miezi bila malipo. Wewe bado.

Swali ambalo hukuuliza lakini yeye ataliuliza: nikighairi je? Jibu liwe tayari na liandikwe nyuma ya risiti. Akighairi kabla mbao hazijanunuliwa, anarudishiwa yote. Mbao zikishanunuliwa, anachukua mbao zake, na kilichobaki kwenye fedha kinarudi. Zikishachanwa kwa vipimo vyake, ni zake vilevile, na analipia siku za msaidizi zilizokwisha kutumika. Unarudisha kile tu ambacho hakijagusa kazi. Sipendi yale maneno "advansi hairudishwi" yaliyochapwa kwenye vitabu vya risiti. Kwanza yanatisha watu. Pili, kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kiasi kilichotajwa kama adhabu ya kuvunja mkataba hakiliwi kizima kwa sababu tu kimeandikwa. Kifungu cha 74 kinampa aliyevunjiwa fidia ya kadiri inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Maana yake mkifika Mahakama ya Mwanzo, utakachoulizwa ni umepoteza nini, na karatasi yako ya mchanganuo ndiyo itakayokujibia. Sheria hiyohiyo inakuangalia na wewe: ukichelewesha au ukiharibu, hasara yake ni deni lako.

Kwa wateja Waislamu hapa pwani hili lina uzito mwingine. Wazee wetu huiita fedha ya namna hii arubuni, na wapo watakaokuambia arubuni haifai. Wanachozungumzia ni ile ambayo mnunuzi akighairi muuzaji anaila bure, bila kutoa kitu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, wanayoifuata wengi wa huku kwetu, hawaikubali; wa Hanbali wameiruhusu. Fedha iliyogeuka kuwa mbao zenye jina la mteja ni jambo jingine, na ukilieleza hivyo sijaona aliyekataa. Ni sababu nyingine ya kuita kitu kwa kazi yake: andika "malipo ya awali ya kununua mbao".

Risiti iwe na nakala mbili, hata kama fedha imekuja kwa simu. Tarehe, jina lake, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kwa ajili ya nini, na kilichobaki: 1,200,000. Akilipa kwa M-Pesa au mtandao mwingine, usiende Keko kwa kuamini meseji. Meseji za kughushi zinafanana na za kweli hadi nukta. Fungua menyu, angalia salio, ndipo uite bodaboda.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninalodhani litakupata wewe mwenyewe, kwa kuwa umesema huna mtaji. Utapokea 1,500,000 ya Goba. Tuseme karakanani kuna kitanda cha mtu wa Segerea kimekwama kwa 200,000, na anapiga simu kila siku. Utasema nikope hapa, nikimalizia kitanda nitalipwa, nitarudisha. Mimi nimelipitia hilo, nakumbuka hata ubao niliopungukiwa. Mwenye kitanda alichelewa kulipa, nikamaliza wiki mbili nikimdanganya mwenye mbao kwamba mashine imekatika mkanda. Dalili ya kwanza ni hii: ukiona unahitaji mteja mpya ili umalize kazi ya mteja wa zamani, tayari advansi yako imeacha kuwa ya mbao. Dawa yake ni moja, usiipe fedha nafasi ya kulala. Ipokee asubuhi, saa nane mbao ziwe zimeshushwa. Ubao wenye jina la mtu kwa chaki ni mgumu kuukopa kuliko noti.

Kwa huyu mama, kwa kuwa mlishaachana bila kutaja advansi, usimtumie ule ujumbe kavukavu. Mpigie kwanza umwambie unataka kupita saiti kupima nafasi za milango. Ukimaliza kupima, mmesimama palepale mbele ya ukuta, mwambie: "Mama, juzi nilikupa bei sikukueleza inavyolipwa, hilo ni kosa langu." Kisha mtajie zile tatu, umwonyeshe nafasi isiyo ya kawaida, kama umeikuta, kwamba mlango wake hauuziki kwa mtu mwingine, na unyamaze. Ujumbe utume jioni, ukiwa na vipimo ulivyochukua. Kama bado hajajibu Alhamisi, mwulize mara moja tu kama lipu inaanza lini, kwa sababu fremu zikichelewa ni fundi lipu ndiye atakayemsumbua, si wewe.